Mrabaha, makubaliano ya jamii au sesi: kijiji kikikaa na kampuni ya madini kidai nini kwanza

Kila kukiwa na mkutano wa madini huku kwetu, iwe Magarini, iwe Ganze, iwe kule Lamu bara, neno la kwanza kutoka kinywani mwa watu ni "asilimia kumi yetu iko wapi". Na ni swali la haki, manake sheria imesema kweli. Lakini nimekaa nikaona watu wanashikilia ile kumi mpaka wanasahau kuuliza kumi ya nini, na wakati huo huo kuna pesa nyingine pembeni, mara nyingi kubwa kuliko hiyo, ambayo kampuni inaipitisha kimya kimya kwa vile hakuna aliyeinua mkono. Kwa hivyo nataka kuziweka hizi njia kando kwa kando, tupige hesabu moja kwa zote, halafu mtu wa Marereni au Manda aamue mwenyewe kijiji chake kianzie wapi.

Kwanza tuelewane jambo moja linalowakasirisha wazee wengi. Madini yaliyoko chini ya shamba lako si yako, hata kama una hati ya shamba tangu enzi za babu. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 62, inayaweka madini na mafuta yote kwenye ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa ndio inayashika kwa niaba ya watu. Wewe mwenye shamba una haki ya fidia ya ardhi yako na minazi na mikorosho na nyumba, na hiyo fidia ni kitu mbali kabisa, usikubali ichanganywe na haya ninayoyaeleza hapa. Nimesikia watu wakiambiwa "mlishalipwa" wakati walicholipwa ni miti tu.

Sasa njia zenyewe. Ziko tatu za kulinganisha: mrabaha, yaani ile royalti inayolipwa kwa serikali, makubaliano ya maendeleo ya jamii ambayo kampuni inaandikiana na wananchi wenyewe, na sesi ya kaunti inayolipwa na lori barabarani. Mafuta na gesi nitayagusa mwisho kwa sababu watu wa Lamu wanayauliza sana na hesabu yake ni nyingine.

Mrabaha: ile sabini, ishirini, kumi

Sheria ya Madini ya 2016, kifungu cha 183, inasema mrabaha ukishalipwa unagawanywa hivi: asilimia 70 inabaki serikali ya kitaifa, asilimia 20 kaunti, na asilimia 10 jamii ya pale panapochimbwa. Ukisikia hivyo unaona ni pesa nyingi. Shida ni kwamba hizo asilimia ni za mrabaha, si za mauzo, na mrabaha wenyewe ni kipande kidogo cha mauzo. Kila aina ya madini ina kiwango chake kilichowekwa na waziri, dhahabu kwa mfano kanuni za 2013 ziliiweka asilimia 5, na yako madini yaliyowekwa chini sana na mengine juu.

Tuchukue mgodi wa mfano tu, haupo, tunaupa tarakimu nyepesi ili hesabu ikae kichwani. Unauza tani 20,000 kwa mwaka, kila tani shilingi 20,000. Mauzo ni milioni 400. Kiwango cha mrabaha tuseme ni asilimia 5, kwa hivyo mrabaha wote ni milioni 20. Nairobi inabaki na milioni 14, kaunti milioni 4, jamii milioni 2. Milioni 2 kwa mwaka mzima, kutoka mgodi uliouza milioni 400. Yaani ile asilimia kumi yetu, ukiipima na mauzo, ni nusu ya asilimia moja. Hapo ndio watu wengi hunyamaza kidogo wakiona kwenye karatasi.

Uzuri wa mrabaha upo, na sitaki kuudharau. Unahesabiwa kwenye thamani ya mauzo yote, kampuni haiwezi kukwambia "mwaka huu tumepata hasara" ikakwepa, manake faida haiingii kwenye hesabu. Mgodi ukiuza, mrabaha unadaiwa.

Ubaya wake ni safari. Kampuni inalipa kwa serikali ya kitaifa, pesa inaingia hazina kuu, na kuitoa huko kuipeleka kaunti kunataka sheria ya bunge ya kugawa pesa za ziada za kaunti, ile ambayo Seneti na Bunge la Kitaifa huwa wanavutana juu yake karibu kila mwaka. Kwale ndio mfano wa wazi kabisa kwetu Pwani. Kampuni ya Base Titanium ilianza kusafirisha madini yake mapema 2014, sheria ya kugawa ikaja 2016, na baada ya hapo kaunti na wananchi walikaa miaka wakidai mgao wao, sheria ipo, asilimia zipo, pesa haziji kwa sababu hakukuwa na utaratibu wa kuzishusha. Uchimbaji ukafungwa Disemba 2024. Fikiria mtoto aliyeanza darasa la kwanza meli ya kwanza ikipakia Likoni, mgodi umefungwa yeye ni kijana. Pesa zinazochelewa hivyo, hata zikija zote, haziwafikii wale walioishi na vumbi na kuhamishwa.

Na kiwango chenyewe kinaweza kubishaniwa. Kule Kwale mkataba wa mwanzo ulikuwa na mrabaha wa asilimia 2.5, serikali ikataka zaidi, wakavutana muda mrefu kabla ya kufika asilimia 5. Mwananchi wa kijijini hakuwa na kiti kwenye mazungumzo hayo, alikuwa anasubiri matokeo tu kama mtu anayesubiri mvua.

Kuna shimo jingine, na hili linahusu mrabaha na makubaliano ya jamii vile vile, kwa hivyo lishike. Ni bei. Tuseme kampuni ya mgodi wetu wa mfano inauza kwa kampuni dada iliyoko ng'ambo, na kwenye karatasi inaandika tani moja ni shilingi 14,000 badala ya 20,000. Tani ni zile zile 20,000, meli ni ile ile, lakini mauzo yameshuka kutoka milioni 400 hadi milioni 280. Mrabaha unashuka hadi milioni 14, na ile kumi yetu inakuwa milioni 1.4. Laki sita zimepotea na hakuna hata jiwe moja lililofichwa. Njia ya pili ni uzito na ubora: mchanga wa madini huuzwa kwa kuhesabu uzito mkavu na kiasi cha madini yaliyomo, kwa hivyo ukiandika unyevu mwingi kuliko uliopo, au ubora mdogo, thamani inashuka tena.

Bei ni vigumu kuikamata ukiwa kijijini, lakini tani unaweza kuzikadiria bila kuingia ofisi ya mtu. Trela moja kubwa inabeba kama tani 28. Tani 20,000 ni matrela kama 714 kwa mwaka, ukiweka siku 300 za kazi ni mbili na kitu kwa siku. Sasa vijana wa barabarani wakikaa mwezi mmoja wakahesabu na wakaona zinatoka tano kila siku, hiyo ni kama tani 42,000 kwa mwaka, na mtu ana swali la kuuliza lenye tarakimu badala ya kelele. Hesabu ya trela haithibitishi wizi, huenda nyingine zimebeba udongo wa kujazia barabara ama mzigo wa mtu mwingine kabisa, lakini inalazimisha jibu.

Makubaliano ya maendeleo ya jamii: asilimia 1 ya mauzo yote

Hii ndio njia ninayotaka watu waitazame sana, na ndio inayozungumzwa kidogo. Sheria hiyo hiyo ya 2016 inamlazimisha mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa kuandikiana makubaliano na jamii, na kanuni zake zilizotoka 2017 zinasema kampuni itumie kwa maendeleo ya jamii kiasi kisichopungua asilimia 1 ya mapato yote ya mauzo ya madini kwa mwaka. Mauzo yote, si faida, wala si kipande cha mrabaha.

Rudi kwenye mgodi wetu. Asilimia 1 ya milioni 400 ni milioni 4. Mara mbili ya ile kumi ya mrabaha. Na haisafiri kwenda Nairobi kurudi, haingoji Seneti, inasimamiwa na kamati iliyoko hapa hapa.

Hapa nataka ukae kidogo na tarakimu, manake ndipo uamuzi ulipo. Kumi ya mrabaha ukubwa wake unafuata kiwango cha mrabaha, lakini ile moja ya mauzo haibadiliki. Tazama mgodi ule ule wa milioni 400 ukibadilisha kiwango tu:

| Kiwango cha mrabaha | Kumi ya jamii kutoka mrabaha | Makubaliano ya jamii, asilimia 1 |
|---|---|---|
| asilimia 1 | laki 4 | milioni 4 |
| asilimia 5 | milioni 2 | milioni 4 |
| asilimia 10 | milioni 4 | milioni 4 |

Yaani mrabaha unatakiwa ufike asilimia 10 ndio ile kumi yetu ilingane na makubaliano. Chini ya hapo, makubaliano yanaleta zaidi, na kwa madini ya bei ya chini ambayo kiwango chake ni kidogo tofauti inakuwa mara kumi. Na si kwamba unachagua moja unaacha nyingine kisheria, zote mbili ni haki ya jamii. Kinachochaguliwa ni nguvu zenu ziende wapi kwanza, kwa sababu kijiji hakina mawakili kumi wala pesa za nauli za kwenda Nairobi kila mwezi, na mkitumia mwaka mzima kupigania ile ya Nairobi mnaweza kusaini hii ya hapa nyumbani bila kuisoma.

Na kusaini bila kusoma ndiko kunakoua. Bibi mmoja kwenye mkutano huku upande wa Magarini alisimama akamwambia afisa wa kampuni fulani, "Mwanangu, hilo tangi la maji mlituletea kabla hamjaanza kuchimba, tulishukuru, sasa mbona naliona tena kwenye orodha?" Na alikuwa sawa. Zawadi ambayo kampuni ilitoa kwa hiari yake, ile ya kupiga picha na kukata utepe, ilikuwa inaingizwa ndani ya hesabu ya makubaliano kana kwamba ni deni lililolipwa. Hiyo ni njia ya kwanza ya makubaliano kuliwa. Ya pili ni kampuni kutengeneza barabara ya kuingia mgodini mwake, inayohitaji yenyewe kwa malori yake, halafu ikaandika ni mradi wa jamii. Ya tatu ni kamati kujaa watu wa mtu mmoja, diwani au tajiri au ukoo mmoja, halafu zabuni zote za kujenga madarasa zikaenda kwa shemeji.

Kwa hivyo makubaliano mazuri yanajulikana kwa vifungu vyake, na vichache ndio vinabeba kila kitu. Kiwepo kifungu kinachosema kampuni itaipa kamati nakala ya taarifa ya mauzo inayopeleka wizarani, ile ile ya kulipia mrabaha, bila hivyo asilimia 1 ni asilimia 1 ya kitu msichokiona. Iwepo tarehe ya kuweka pesa na akaunti ya benki iliyo ya kamati peke yake, kampuni isiwe ndio inanunua vitu yenyewe na kuwaletea risiti. Kiandikwe wazi nini hakihesabiki, na hapo barabara ya mgodi na zawadi za zamani zitajwe kwa jina. Na kiwepo kifungu cha kufunga mgodi, manake migodi hufungwa, Kwale imetuonyesha, na pesa ya mwaka wa mwisho ndio huwa ngumu kupatikana wakati ofisi zinapakiwa kwenye makontena.

Kikwazo kikubwa cha njia hii ni leseni. Inamfunga mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa tu. Mwenye kibali cha uchimbaji mdogo hana lazima hiyo. Sasa utakuta eneo lina mashine kubwa, ekskaveta tatu, matrela usiku na mchana, lakini karatasi ukiuliza ni kibali kidogo, au ni vibali vidogo vinne vya majina manne tofauti vilivyoshikana mipaka na mashine zikihama kutoka kimoja kwenda kingine. Ndio maana kabla ya chochote, kabla hata ya kuita mkutano, mtu aingie kwenye ramani ya leseni za madini ya wizara iliyoko mtandaoni aangalie eneo lake limeandikwa nani na aina gani ya leseni. Kijana yeyote mwenye simu na bando anaweza.

Sesi: pesa ya lori, inaishia kaunti

Sesi ni ada inayotozwa na kaunti kwa lori linalobeba mawe, mchanga, kokoto na kadhalika, kiwango kinatoka kwenye sheria ya fedha ya kaunti inayopitishwa kila mwaka. Hii haina habari na bei ya madini. Tuseme ni shilingi 1,000 kwa trela, kwa mfano tu, yale matrela 714 yanaleta laki saba na kitu, na kampuni ikiandika bei ya uongo sesi haitikisiki kwa sababu inahesabu lori na siyo bei. Hilo ndilo jema lake. Inalipwa siku ile ile, kwenye kizuizi, na mwenye macho anaona.

Lakini kijiji hakina fungu lake ndani ya sesi. Inaingia mfuko wa kaunti, inachanganyika na ada za soko na maegesho, inalipa mishahara. Pia kampuni hazipendi, na zimeenda kortini kuzipinga ada za namna hii, ile kesi ya Base Titanium na Kaunti ya Mombasa ya malori ya madini ilifika mpaka Mahakama ya Upeo. Kwa hivyo kaunti ikiitegemea sana nayo inategemea hakimu ataamua nini.

Hata hivyo kuna watu ambao sesi ndio wanayo peke yake. Nenda Maweni kule Manda, watu wamekata mawe ya matumbawe miaka na miaka, kwa mtaimbo na sururu, mawe yanapakiwa majahazini yanavuka kujenga Amu mjini na Shela na kwengineko. Pale hakuna kampuni ya uchimbaji mkubwa, hakuna makubaliano ya asilimia 1, na mrabaha wa mawe ya ujenzi ukiugawa kwa kumi unapata kitu kidogo mno hata usimpe mtu nauli ya mashua. Kwa mtu wa Maweni kuwaambia "daini asilimia kumi" ni kumpotezea wakati. Anachoweza kudai ni kaunti iweke kwenye bajeti kwamba sehemu ya sesi ya mawe irudi pale ilipotoka, maji, zahanati, gati ya kupakia isiyovunja watu miguu, na hilo linadaiwa kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, ambavyo kisheria lazima wananchi washirikishwe. Wengi hatuendi kwa vile tangazo huja jana yake, na hilo lenyewe ni la kulalamikia kwa maandishi.

Ukitaka kuona sesi iliyopangwa vizuri zaidi, tazama jirani zetu Tanzania. Kule mrabaha wa dhahabu ni asilimia 6 na unaenda serikali kuu, kijiji hakina kumi yake. Lakini halmashauri inalipwa tozo ya huduma moja kwa moja na kampuni, na kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Geita, kwenye mgodi mkubwa wa dhahabu, walikuwa zamani wanalipwa kiasi kimoja kisichobadilika, dola laki mbili kwa mwaka, iwe dhahabu imepanda au imeshuka, mpaka wakahamia kwenye hiyo asilimia na mapato ya halmashauri yakaruka. Kwa kiwango hicho mgodi wetu wa milioni 400 ungeipa halmashauri milioni 1.2. Ukilinganisha, kaunti yetu kwa karatasi inapata milioni 4 kupitia ile ishirini ya mrabaha, zaidi ya mara tatu. Kwa karatasi. Halmashauri ya Geita inajua kampuni inadaiwa kiasi gani na inaenda kugonga mlango wa kampuni yenyewe, kaunti yetu inagonga mlango wa Hazina Nairobi. Binafsi naona kaunti zetu zingekubali fungu dogo kidogo linalolipwa moja kwa moja, na kwenye hili najua wengi watanipinga, manake ishirini ni tarakimu tamu kuiachia.

Mafuta na gesi, kwa watu wa Lamu

Hapa usichukue hesabu ya madini ukaiweka kwenye mafuta. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa faida ya upande wa serikali: asilimia 20 kaunti, asilimia 5 jamii, asilimia 75 inabaki taifa. Neno la kulitazama ni faida. Kwenye mafuta kampuni kwanza inarudisha gharama zake za kutafuta na kuchimba visima, kinachobaki ndio kinagawanywa kati yake na serikali, na fungu la serikali ndio linatoka hiyo tano. Kwa hivyo ukaguzi wa gharama kwenye mafuta ni kama ukaguzi wa bei kwenye madini, gharama zikivimba, tano inanywea. Halafu kuna kifuniko: fungu la kaunti halivuki kiasi ambacho bunge limeigawia kaunti hiyo mwaka huo, na la jamii halivuki robo ya kiasi hicho.

Jambo la pili ni nani anaitwa jamii. Sheria ya Madini inasema ni watu wanaoishi kuzunguka eneo la uchimbaji au wanaoweza kuhamishwa. Sheria ya Petroli inasema ni watu wa kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa na wanaoathirika. Sasa kisima kikiwa baharini, maili nyingi kutoka Kiwayu, kiko kaunti ndogo ipi? Mvuvi wa Faza anayezuiwa kupita na nyavu zake anaathirika kabisa, lakini maandishi hayamtaji vizuri. Kisima cha Mlima-1 kilichochimbwa baharini kwetu kuanzia mwisho wa 2021 hakikuleta kitu cha kuuza, kwa hivyo swali halijajibiwa na mtu, na huu ndio wakati wa kulibana kabla kisima kingine hakijapata. Kadhalika bomba la mafuta ya Turkana likija kupita kwenda bandari ya Lamu, hiyo tano ni ya kule yanakochimbwa. Lamu itadai fidia ya ardhi na bahari, na kazi, lakini si ile tano. Wavuvi wa Lamu walienda mahakamani kwa ajili ya bandari na 2018 mahakama ikawapa haki ya fidia ya shilingi bilioni 1.76, na waliishinda kwa kudai uvuvi na mazingira yao, hawakudai mgao wa rasilimali. Mtu wa bomba aifuate njia ile ile.

Sasa kipi kwanza

Kama eneo lenu lina leseni ya uchimbaji mkubwa, na madini yenyewe mrabaha wake uko chini ya asilimia 10, nguvu zote kwanza ziende kwenye makubaliano ya jamii, na ndani ya makubaliano kifungu cha kwanza kiwe cha kuonyeshwa taarifa ya mauzo. Ukishapata hiyo taarifa umepata vyote viwili, manake ndiyo hiyo hiyo itakuonyesha ile kumi ya mrabaha inatakiwa kuwa shilingi ngapi, na barua yenu kwa seneta itakuwa na kiasi halisi, "tunadai milioni 2 za mwaka fulani", badala ya "tunadai haki yetu".

Kama madini yenu ni ya kiwango cha asilimia 10 na zaidi, mrabaha unalingana au unazidi, basi mfuatilie zote mbili sambamba, lakini bado anzeni na makubaliano kwa sababu ya muda tu.

Kama kilichopo ni vibali vidogo, uliza kwanza kama ni vidogo kweli. Vikiwa vya uongo, lalamiko liende wizarani la kubadilisha leseni, kwa ramani na picha za mashine zenye tarehe. Vikiwa vya kweli, kama Maweni, achaneni na Nairobi muende kwenye bajeti ya kaunti.

Na popote mlipo, muamue mapema mipaka ya jamii yenu, vijiji vipi vimo na vipi havimo, muandike na muweke sahihi wazee wa vijiji vyote vinavyopakana, pamoja na wanaopokea vumbi tu bila kupoteza shamba. Kule ambako hili liliachwa mpaka pesa zimefika, vijiji viligombana vyenyewe kwa vyenyewe na kampuni ikasema inasubiri mkubaliane ndio iweke pesa. Karatasi hiyo ya mipaka haigharimu kitu zaidi ya siku moja ya kukaa chini ya mwembe na mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, nakala moja kwa chifu, moja kwa ofisi ya wadi, moja mbaki nayo.